Reki ya geti iliniishia sentimita 13 kabla ya mwisho

Geti lilikuwa la kuslaidi, nafasi ya mita 4 kati ya nguzo na nguzo, nyumba moja ya Kimara, Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mota za geti nilizianza baadaye, baada ya kuona wateja wanalipia geti kwangu halafu wanamwita mtu mwingine aje kufunga mota. Dukani nikanunua reki nne, zile fito za chuma zenye meno zinazofungwa kwenye geti ili mota ilisukume, zinazouzwa kama za mita moja moja. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu: nafasi mita 4, reki mita 4.

Siku ya kukabidhi nikabonyeza rimoti mbele ya mama mwenye nyumba. Geti likaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha likasimama, na mota ikaendelea kuunguruma. Pinioni, ile gia ndogo ya mota, ilikuwa imefika mwisho wa reki na inakwangua jino la mwisho: krrr, krrr. Nikabonyeza kufunga. Mota ikazunguka kinyumenyume bila kushika chochote. Ilibidi nilisukume geti kwa bega ili meno yashikane tena.

"Fundi, hilo geti ni la umeme au la bega?" mama akauliza. Nikamwambia, "Mama, nipe siku mbili."

Kosa la kwanza lilikuwa hilo la urefu, na nitarudi kulieleza. La pili nililifanya siku iliyofuata nikiwa najiona nimeshaerevuka. Bodi ya ile mota ina sehemu ya kuweka muda wa kazi, yaani sekunde ambazo mota itazunguka kabla ya kujizima yenyewe iwapo swichi ya kikomo, ile inayokata umeme geti likifika mwisho, itashindwa kukata. Ili nijue muda huo, nilihitaji kujua pinioni ikizunguka mara moja geti linasogea kiasi gani. Nikachukua venia, nikapima upana wa pinioni kutoka ncha ya jino mpaka ncha ya jino la upande wa pili: milimita 72. Nikazidisha kwa pai, nikapata 226. Nikatia alama ya chaki kwenye pinioni na kuihesabu nikiwa na saa ya simu: mzunguko mmoja kila sekunde. Safari ya geti milimita 4050 gawanya kwa 226, karibu sekunde 18. Nikaongeza moja ya tahadhari, nikaweka 19.

Nililijaribu geti kabla hata sijaongeza reki, kwa kulifunga kutoka pale lilipoweza kufika. Mota ikajizima geti likiwa bado halijagusa nguzo. Nikadhani bodi ni mbovu.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mchongaji vyuma wa Gerezani, niliyemwendea nikitaka anichongee pinioni kubwa zaidi. Hakuigusa venia yangu. Aliuliza swali moja tu: "Ina meno mangapi?"

"Sijahesabu, mzee."

"Sasa unapima nini?"

Tukahesabu: meno 16. Akachukua kipande cha reki, akaweka rula juu yake, akapima kutoka ubavu wa jino moja mpaka ubavu uleule wa jino la kumi baada ya hilo. Ikasoma milimita 125 na nusu na ushee. Gawanya kwa kumi, jino hadi jino ni 12.57. Akaniambia pinioni ikizunguka mara moja, meno yake yote 16 yanapita kwenye reki, kila moja linaingia kwenye tundu lake. Kwa hiyo geti limesogea matundu 16, haliwezi kusogea 15 wala 18. Kumi na sita mara 12.57 ni milimita 201.

Kwa wanaopenda fomula ni hii:

```
L = π × m × z
L = 3.1416 × 4 × 16 = 201.06 mm
```

Herufi z ni idadi ya meno ya pinioni, na m ni moduli, namba inayoeleza ukubwa wa jino. Umbali wa jino hadi jino kwenye reki ni pai mara moduli, hivyo moduli 4 inatoa 12.566. Ukipima meno kumi ukapata 125.7, reki yako ni ya moduli 4, na pinioni lazima nayo iwe ya moduli 4.

Mbona basi venia ilinidanganya? Kwa sababu duara linalofanya kazi halipo kwenye ncha za meno. Lipo ndani kidogo, na kipenyo chake ni moduli mara meno: 4 mara 16, yaani 64. Kila jino linachomoza nje ya duara hilo kwa kiasi cha moduli moja, milimita 4 huku na milimita 4 kule, ndipo unapata 72. Ukizidisha 72 kwa pai unakuwa umehesabu meno mawili ambayo hayapo, na ndiyo maana hesabu yangu ilizidi kwa milimita 25 kila mzunguko. Katika mizunguko 20 hiyo ni nusu mita nzima.

Kitu kimoja nilibishana naye. Nilisema, ukiinua reki kidogo ili meno yasizame sana, si pinioni inakuwa kama kubwa zaidi? Akacheka. Meno 16 ni meno 16 hata yakizama kidogo au sana. Na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu kati ya ncha za meno ya pinioni na mabonde ya reki unatakiwa uache nafasi ya milimita moja hadi mbili, uzito wa geti ubaki kwenye magurudumu yake. Geti likiilalia pinioni, ekseli ya mota ndiyo inayolipa.

Sasa urefu wa reki. Niliporudi Kimara nilianza na safari halisi ya geti, na hapo ndipo mita 4 yangu ilipokufa. Geti likifungwa linaingia milimita 50 ndani ya nguzo ya kupokelea. Ili nafasi yote ya 4000 iwe wazi ni lazima lisogee 4050. Hiyo ni mizunguko 20 na ushee, sekunde 20. Muda wa bodi nikauweka 25.

Lakini reki ya 4050 kamili nayo haitoshi, maana pinioni ingesimama juu ya jino la mwisho kabisa kila upande. Swichi ya kikomo ikikata umeme geti haligandi palepale. La kwangu, nilipolipima, lilijivuta milimita 60 hivi. Ongeza meno mawili ya kushikana vizuri, milimita 25, na ujue pia kwamba kibati kinachogusa swichi kinafungwa juu ya reki hiyohiyo na kinahitaji mahali pa kukaa. Nikaacha 100 kila upande. Jumla 4250.

Ukigawa 4250 kwa 12.566 unapata meno 338 na kitu; reki haikatwi katikati ya jino, kwa hiyo 339. Kile kipande kinachoitwa cha mita nilikihesabu, kina meno 80, na kwa tepu ni milimita 1005. Vipande vinne ni meno 320, yaani 4021. Nilikuwa nimepungukiwa na meno 19. Na kwa kuwa mwanzoni nilishaacha 100 upande wa kufunga, upande wa kufungua reki iliisha milimita 129 kabla ya mwisho wa safari. Ndizo zile sentimita 13 za aibu.

Kabla ya kununua kipande cha tano niliangalia jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: je, geti lenyewe lina mwili wa kubeba reki hiyo? Pinioni haikai ukingoni mwa nafasi. Ya kwangu ilikuwa milimita 200 nyuma ya nguzo. Geti lina urefu wa 4500: 50 ndani ya nguzo ya kupokelea, 4000 kwenye nafasi, mkia 450. Likifungwa, pinioni inagusa sehemu iliyo 250 kutoka mwisho wa mkia. Likifunguka lote, inagusa 250 na 4050, yaani 4300. Ukitoa 100 huku na kuongeza 100 kule, reki inaanza 150 na kuishia 4400, ndani ya geti. Lingekuwa geti la 4200, mkia ungekuwa 150 tu na likifungwa pinioni ingekuwa hewani. Hapo dawa ni kuchomelea kipande cha bomba nyuma ya geti kibebe reki.

Kuunga nako kuna ujanja wake. Usisogeze vipande viwili mpaka vigusane ukaridhika, kwa sababu ncha iliyokatwa vibaya inavuruga umbali wa jino hadi jino pale kwenye kiungo. Chukua kipande kifupi cha reki, kigeuze meno juu, kikae chini ya kiungo meno kwa meno huku umekibana, ndipo ukaze bolti. Mimi sikufanya hivyo mwanzoni, na kati ya kipande cha pili na cha tatu kulikuwa na pengo la milimita 3. Geti lilikuwa linagonga, "ko!", mara moja kila safari, palepale. Kilichonisaidia kujua tatizo liko wapi ni zile 201: mlio ukijirudia kila sentimita 20, jino la pinioni limeumia. Ukitokea sehemu moja tu ya geti, angalia reki hapo.

Jaribio la mwisho nililifanya bila umeme. Nikafungua klachi kwa ufunguo, nikatia chaki kwenye jino moja la pinioni na kwenye reki chini ya geti, nikalisukuma geti polepole nikihesabu mizunguko mitano. Meno 16 mara tano ni 80, kipande kizima. Tepu ikasoma 1005. Kwa hesabu yangu ya venia ingepaswa kuwa 1131.

Meno 19 yalikatwa kwenye kipande cha tano yakafungwa mwisho wa reki. Yakabaki 61. Nikakata mengine 15 kwa ajili ya kulinganisha viungo, nikayatumia palepale kuziba lile pengo la milimita 3, na sasa yako kwenye sanduku la vifaa pamoja na venia.