Mkate wa kumimina kwa futari ya mtaa

Kwenye futari ya mtaa wetu kila nyumba huleta chake, nami huchagua mkate wa kumimina. Kilo moja ya mchele na nazi mbili zinatosha watu wengi, na hauna nyama wala ngano, tena ni laini, kwa hiyo hata bibi asiye na meno anaula.

Mchele nauloweka usiku, nausaga na tui zito, hamira na iliki. Sukari naitia ukishaumuka. Hapo ndipo pa kuwa macho: ukijaa mapovu juu, upike mara moja. Ukichelewa unachacha, halafu unadidimia katikati.

Nasubiri upoe kabisa ndipo nikate, la sivyo unang'ang'ania kisu. Naubeba kwenye sufuria ileile niliyoupikia. Hauna mchuzi wa kumwagika njiani.