Faida ya Kuuza Boti Ilivyokuwa Ikitozwa Kodi Mara Mbili

Kampuni ya samaki ninayoitunzia hesabu hapa Mwanza iliuza boti kwa shilingi milioni 15, wakati thamani yake vitabuni ilikuwa imebaki milioni 12. Jedwali la kodi nililolikuta liliiacha faida ya milioni 3 ndani ya mapato, ilhali milioni 15 zote zilikuwa zimekwishatolewa kwenye kundi la pili la mali zinazopunguziwa uchakavu kwa ajili ya kodi, lenye vyombo vya majini, jambo ambalo tayari hupunguza makato ya uchakavu. Niliiondoa faida hiyo, kama ambavyo uchakavu wa vitabuni hurudishwa kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi, kisha nikaacha kundi lishuke kutoka milioni 22 hadi 7, ambapo punguzo la uchakavu la mwaka la asilimia 25 ni milioni 1.75. Kundi lingekuwa na milioni 10 tu, ziada ya milioni 5 ingekuwa mapato yanayotozwa kodi.