Wastani hasi wa kihisi cha udongo: nilivyotatua

Kihisi changu cha unyevu wa udongo kwenye Arduino Uno kilikuwa kinasoma takriban 640, lakini wastani wa vipimo 1000 ukatoka hasi. Nilianza kwa kuvihifadhi vyote: baiti 2000 kati ya 2048 za kumbukumbu, bodi ikawa inajiwasha upya. Nikabaki na jumla moja tu, ndipo hasi ikaanza. Kubadilisha waya hakukusaidia.

Nikachapisha jumla kila hatua. Kipimo cha 51: 32640. Cha 52: -32256! Kumbe `int` ya Uno inaishia 32767. Dawa ni aina ya jumla. Kipimo chenyewe kinaweza kubaki `int`:

```
long jumla = 0;
jumla += analogRead(A0);
```

Mstari wa kwanza ukae nje ya kitanzi. Sasa napata 640.