Kinanda bila transpozi: wiki kumi na watoto watatu

Naandika hii nisije nikasahau nilipitia wapi. Nafundisha kinanda watoto watatu hapa sebuleni kwangu Morogoro, mmoja ana miaka 8, mwingine 9, mkubwa ana 12, Jumatano na Jumamosi, dakika 40 kila mmoja, mzazi analipa elfu tano kwa kipindi. Kinanda ni kimoja tu cha vitufe 61. Wikiendi napiga kwenye shughuli ndogo ndogo na mwenzangu wa gitaa, vipaimara, sendofu, hivyo.

Mradi wenyewe ulianza kwa kosa langu. Yule binti wa miaka 9 nilimchukua kwenye sherehe ya kipaimara apige pambio moja tu, tulifanya mazoezi mwezi mzima kwenye kii ya C, yaani do iko C, alikuwa analijua kabisa. Sasa kabla yake mimi nilikuwa nimepiga wimbo mmoja kwa Eb, nikaweka transpozi +3, yaani kinanda kinapandisha chenyewe kila sauti vitufe vitatu, ili vidole vyangu vibaki C, nikasahau kurudisha. Mtoto kakaa, kabonyeza C yake safi kabisa, kinanda kikatoa Eb, gitaa liko C, ukumbi mzima ukasikia vinavyogongana. Aliinua mikono akaniangalia. Hakukosea kitufe hata kimoja, na hakuwa na namna yoyote ya kujua shida iko wapi maana mimi sikuwahi kumfundisha kusikiliza, nilimfundisha kubonyeza. Ile sura yake sijaisahau mpaka leo.

Basi nikaamua, kwa wiki kumi hakuna kugusa transpozi, na watajifunza kii tatu: C, F na G. Hizo zinatosha kuanzia kwa mapambio mengi ya watoto.

WIKI YA 1-3
Sikuanza na majina ya kodi, yaani zile sauti tatu zinazopigwa pamoja. Hawa watoto wote wanaimba kwaya ya watoto na solfa wanaijua, do re mi wanaisoma ubaoni kila wiki, sasa kwa nini niwabebeshe lugha nyingine? Nikawaambia kodi ya kwanza ni do-mi-so, ya nne ni fa-la-do, ya tano ni so-ti-re. Wakaziimba kwanza bila kinanda, mmoja mmoja anashika sauti yake, wote watatu wakiimba pamoja wanaisikia kodi inatoka midomoni mwao. Hapo ndo macho yaliwatoka, hasa yule mdogo.

Shida ikaja kwenye mkono wa kushoto. Ukimwambia mtoto wa miaka 8 aruke kutoka C kwenda F kwenda G, mkono unaruka hewani, akitua ameshapotea na mdundo umeshapita. Dawa ni kuufanya mkono usiruke. Kidole kidogo, cha kati na gumba vikae do-mi-so. Kwenda ya nne, do inabaki palepale, gumba linapanda kidogo na kidole cha shahada kinashika fa, inakuwa do-fa-la. Kwenda ya tano, so inabaki chini ya gumba, kidole kidogo kinashuka hatua moja, cha shahada kinashika fa, inakuwa ti-fa-so. Hiyo ya mwisho sio kodi ya tano kamili, re imetolewa na fa imeongezwa, lakini kwa sikio inavuta kurudi nyumbani vizuri sana na mkono mdogo unaiweza. Kwa C ni C-E-G, halafu C-F-A, halafu B-F-G. Sheria moja tu niliwapa: kila ukibadilisha, kuna kidole kimoja hakiondoki, kitafute hicho kwanza.

Yule mdogo nyumbani hana kinanda. Nilimchorea vitufe kwenye boksi la katoni, oktavu moja sentimeta 16 na nusu hivi kama ya kinanda halisi, akawa anaimba solfa huku anabonyeza katoni. Naona inamfaa kuliko kale ka kinanda ka mchezo alichokuwa ameazima, vitufe vyake ni vyembamba, vidole vinazoea umbali wa uongo.

WIKI YA 4-6
Kuhamia F na G. Nilidhani G itakuwa rahisi, kumbe F ndo rahisi. Kwenye F ile ya nne ni F-Bb-D, kitufe cheusi kinaangukia kidole cha shahada ambacho ni kirefu, kinafika chenyewe. Kwenye G ile ya tano ni F#-C-D na kitufe cheusi kinaangukia kidole kidogo, sasa kidole kidogo cha mtoto ni kifupi, akikinyoosha kiganja kinapinda na sauti inatoka dhaifu. Nilihangaika nacho wiki nzima mpaka nikagundua mkono wote usogezwe ndani, karibu na vitufe vyeusi, tangu kodi ya kwanza, usisubiri kufika kwenye ya tano ndo usogee. Baada ya hapo ikatulia.

WIKI YA 7-9
Hii ndo sehemu niliyoitaka. Mwimbaji anaanzisha pambio popote koo lake linapopenda, mpiga kinanda anatakiwa amkute. Kwa hiyo mimi naimba, wao wanatafuta. Njia tuliyotumia: imba pambio mpaka neno la mwisho, lishikilie, maana mapambio mengi yanaishia kwenye do, halafu huku unaimba panda kitufe kwa kitufe, vyeupe na vyeusi, mpaka kimoja kizame ndani ya sauti yako. Kisha hakiki kwa kupiga ya kwanza, ya nne, ya tano, ya kwanza.

Kosa linalojirudia ni kuchukua so ukidhani ni do, kwa sababu zinapatana sana. Mkubwa alifanya hivyo mara tatu kwa siku moja. Mimi niko C, yeye kakamata G, mwanzo inasikika sawa kabisa, akaniambia "mwalimu si inaingia?" Nikamwambia endelea. Tulipofika kwenye fa, mimi naimba F na kodi yake ya tano ina F#, ikakwaruza, akasimama mwenyewe. Nikamwambia ikikwaruza kwenye fa, shuka vitufe vyeupe vinne, do iko hapo. Hajarudia tena.

WIKI YA 10
Ibada ya watoto, binti wa miaka 9 kwenye kinanda. Mwanzishaji alianza pambio la kwanza G, akaipata mstari wa pili haujaisha. La pili likaanzishwa Ab, hiyo hatujajifunza. Alisikiliza, akaigusa Ab, akaniangalia, nikatikisa kichwa kukubali, akaweka transpozi +1 na kupiga kwa vidole vya G. Hiyo ndo ruhusa niliyowapa mwishoni: transpozi sawa, lakini uwe umeshaijua do kwa sikio na umehesabu vitufe. Pambio lilipoisha nikaona anabonyeza batani mbili za kujumlisha na kutoa kwa pamoja, kwenye hiki kinanda changu ndo inarudi sifuri, akaangalia skrini ikaandika 00, ndo akaweka mikono magotini.

Kilichobaki: yule mdogo kidole kidogo bado kinapinda kwenye G, na wote watatu mkono wa kulia unawahi mbele ya wa kushoto pambio likichangamka. Jumamosi naanza na D, na kwa mkubwa nitarudisha ile re niliyoitoa kwenye kodi ya tano, mkono wake sasa unafika.