Bimu ya spani tatu, Malindi: mlinganyo wa momenti tatu, kutoka mzigo hadi nondo

Siku ya kwanza: mzigo

Bimu moja ya zege, urefu wake wote mita 12, inabeba slabu ya dari ya nyumba ya mawe ya matumbawe. Ncha zake, A na D, zinakaa juu ya ukuta. Katikati kuna nguzo mbili, B na C. Nguzo zimewekwa kwa kufuata vyumba vya chini, kwa hiyo spani hazilingani: AB ni mita 4, BC ni mita 5, CD ni mita 3. Bimu ina upana wa milimita 200 na kimo cha 450, slabu ikiwemo.

Bimu hii inabeba ukanda wa slabu wenye upana wa mita 3. Slabu ya milimita 150 inatoa 11.25 kN kwa kila mita ya bimu, plasta na vigae 3.6, na sehemu ya bimu inayoning'inia chini ya slabu 1.5. Jumla ya mzigo wa kudumu ni 16.35 kN/m. Mzigo wa watu na vitu ni 1.5 kN kwa mita ya mraba, yaani 4.5 kN/m. Nikizidisha kwa 1.4 na 1.6 kama kanuni ya zamani ya zege ya Uingereza, BS 8110, inavyotaka, napata 30.09. Nimechukua 30 kN/m.

Kosa la kwanza huzaliwa hapa hapa: mtu huingiza kN kwa mita ya mraba ndani ya mlinganyo unaotaka kN kwa mita. Jibu hutoka dogo mara tatu na bado linaonekana zuri kwenye karatasi.

Kwa kulinganisha tu: nyumba za kale za Lamu hazihitaji hesabu hii. Kila boriti ya mkoko inatoka ukuta hadi ukuta na kuishia hapo, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba. Boriti iliyolemewa haimjui jirani yake. Zege iliyomwagwa kwa mkupuo juu ya maegemeo manne ni kitu kingine: ukiibonyeza spani moja, nyingine zote zinasikia.

Siku ya pili: mlinganyo wenyewe

Mhandisi Mfaransa Bertot aliuandika mwaka 1855, mwenzake Clapeyron mwaka 1857, na jina lililobaki ni la Clapeyron. Wazo lake ni moja. Ikate bimu juu ya nguzo B, na kila kipande kitajipinda peke yake, ncha zake zikiinama kwa pembe tofauti. Bimu halisi haikukatwa, kwa hiyo pembe ya upande wa kushoto wa B lazima iungane na ya kulia bila mvunjiko. Momenti iliyopo juu ya B, yaani nguvu ya kupinda, ndiyo inayolazimisha muungano huo. Kwa bimu yenye umbo moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mzigo uliosambaa sawasawa:

```
MA*L1 + 2*MB*(L1+L2) + MC*L2 = -w1*L1^3/4 - w2*L2^3/4
```

M ni momenti, L ni urefu wa spani na w ni mzigo kwa kila mita. Alama ya kutoa inamaanisha momenti hasi, yaani ile inayovuta uso wa juu wa bimu na kutaka nondo juu. Urefu upande wa kulia uko kwenye kipeo cha tatu, si cha pili. Anayeandika L^2 kwa mazoea ya wL²/8 atagundua akitazama vipimo: kushoto ni kNm mara mita, kulia kubaki kNm tupu haiwezekani.

Ncha A na D zimekaa juu ya ukuta bila kufungwa, basi MA na MD ni sifuri. Mlinganyo unaandikwa mara mbili, mara moja kwa A-B-C na mara moja kwa B-C-D:

```
18*MB +  5*MC = -480   - 937.5 = -1417.5
 5*MB + 16*MC = -937.5 - 202.5 = -1140

MB = -64.56 kNm
MC = -51.07 kNm
```

Kuna jaribio zuri la kuhakikisha mlinganyo umeandikwa sawa kabla ya kuuamini. Weka spani tatu zilizo sawa, L kila moja. Momenti za B na C zinalingana, na unabaki na 5·M·L = -wL³/2, yaani M = -wL²/10. Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye majedwali na vichwani mwa mafundi wengi. Ni sahihi, ila kwa spani sawa tu. Hapa, mtu akigawa mita 12 kwa tatu na kutumia spani ya mita 4, atapata 48 juu ya B, robo nzima chini ya 64.56.

Siku hiyo hiyo, jioni: hakiki inayodanganya

Kutoka kwenye momenti napata kani kwenye kila egemeo. Kwa spani AB, nusu ya mzigo ni 60. Momenti ya B inaondoa 64.56/4 = 16.14 upande wa A na kuiongeza upande wa B. Nikifanya hivyo kwa spani zote, A inabeba 43.86 kN, B 153.84, C 134.32 na D 27.98. Jumla ni 360, sawasawa na 30 mara 12.

Hapa ndipo watu wengi hufunga daftari, na ni mapema mno. Jumla hiyo itatoka 360 hata kama MB ni ya kubuni. Kila kilichotolewa upande mmoja wa spani kimeongezwa upande wa pili, kwa hiyo kosa la MB linajificha. Nimejaribu kwa makusudi kuweka MB = -40, na jumla imebaki 360.

Hakiki ya kweli ni kurudi kwenye pembe. Pembe ya ncha ya spani, ikizidishwa na EI (ugumu wa bimu dhidi ya kupinda), ni wL³/24, ongeza theluthi ya momenti ya ncha hiyo mara L, ongeza sehemu ya sita ya momenti ya ncha ya pili mara L. Juu ya B:

```
kushoto: 80     - 64.56*4/3                = -6.08
kulia:   156.25 - 64.56*5/3 - 51.07*5/6    = +6.09
```

Zikijumlishwa lazima zifutane, na tofauti ya 0.01 ni ya kukata desimali tu. Juu ya C napata +17.3 na -17.3. Kwa MB ya -40, kushoto ingetoka +26.7 na kulia +47.0: bimu iliyovunjika juu ya nguzo. Hesabu ni ya dakika tatu, na siachi kuifanya.

Momenti chanya katikati ya spani, zinazotaka nondo za chini, zimetoka 32.1 kwa AB, 36.1 kwa BC na 13.0 kwa CD.

Siku ya tatu: spani fupi

Namba za juu zinadhani mzigo kamili uko kila mahali kwa wakati mmoja. Lakini siku ya harusi watu hukaa upande wenye kivuli, si dari nzima. Nimerudia hesabu mara mbili, spani zisizo na watu zikibaki na 16.35. Upande wa kushoto wa milinganyo haubadiliki kabisa, ni namba za kulia tu, kwa hiyo kazi ni ndogo.

AB na CD zikilemewa, BC ikiwa tupu: momenti ya katikati ya AB inapanda hadi 38.9, na ya CD hadi 20.4. BC ikilemewa, AB na CD zikiwa tupu: katikati ya BC inafika 42.8. Kila spani imeongezeka takriban moja ya tano au zaidi juu ya hesabu ya mzigo kamili.

Lakini jambo zito liko kwenye CD katika hali hii ya pili. MC ni -48.9, ilhali CD ina mzigo mdogo wa kujitetea. Kani ya D inashuka hadi 8.2 kN, na momenti inavuka sifuri mita 1.0 tu kutoka D. Mita 2 kati ya 3 za spani hiyo zinavutwa kwenye uso wa juu. BC inaibinua CD, kama mtu mzito na mtoto kwenye ubao wa bembea.

Desturi ya kazini ni kukata nondo za juu karibu na asilimia 30 ya spani, hapa mita 0.9 kutoka C. Pale zinapokatwa, bado kuna momenti hasi ya 18.8 kNm. Zinazobaki juu ni nondo za kushikilia ringi. Zikiwa Y12 mbili, yaani nondo za milimita 12, zilizopishanishwa vizuri, zinaweza zaidi ya 30. Zikiwa Y8, kama ilivyozoeleka kwa kubana gharama, zinaweza kama 15, na bimu itapasuka juu, katikati ya spani ambako hakuna anayetarajia. Dalili yake ni ufa unaoanzia usoni mwa dari, kukingama bimu, takriban mita moja kutoka nguzoni. Maji ya mvua yanaingia humo, na kwa hewa ya chumvi ya hapa nondo haikawii kuota kutu.

Uamuzi: Y16 mbili za juu zinatoka BC, zinapita C na kwenda hadi D bila kukatwa. Nyongeza ni mita 4.2 za Y16, kama kilo 6.6.

Siku ya nne: nguzo ikizama

Udongo ni mchanga, kwa hiyo nimejaribu C ikizama milimita 5 kuliko wenzake. Kwenye kila mlinganyo kunaongezwa 6EI mara tofauti ya mshuko, ikigawanywa kwa spani. Kwa EI nimechukua nusu ya zege isiyopasuka, 19,000 kNm². Upande wa kulia unakuwa -1531.5 na -836. MC inapungua hadi -28.1, na mzigo unakimbilia B: MB inafika -77.3.

Hapa EI haifutiki tena kama mwanzo. Ukiikadiria mara mbili, athari ya mshuko nayo ni mara mbili, kwa hiyo namba hii ni makadirio, si kipimo.

Juu ya B, mzigo peke yake ungetosheka na Y16 mbili na Y12 moja, zenye uwezo wa kama 73 kNm kwa zege ya daraja la 25. Hazifiki 77. Y16 tatu zinafika 83. Kwenye mchoro wa fundi wa nondo, B imeandikwa 3Y16.