Mtungi mmoja hautoshi moto wote: nilivyopanga upya vizimamoto vya kazini kwetu

Nilipokabidhiwa usalama wa moto kazini, nilikuta kila ukuta umetundikwa mtungi wa aina moja: poda kavu, kilo 6. Lebo yake iliandikwa A, B, C. A ni vitu vigumu vinavyoacha makaa, kama karatasi, mbao na nguo. B ni vimiminika kama petroli na rangi. C ni gesi zinazowaka, ingawa kwenye mitungi ya mfumo wa Marekani C ni umeme, kwa hiyo lebo isomwe pamoja na picha zake. Herufi F, ya mafuta ya kupikia, haikuwapo, na sisi tulikuwa na jiko la wafanyakazi.

Sikuanza na orodha ya kununua. Nilianza na pembetatu ya moto: joto, oksijeni na kitu cha kuungua. Vikikutana vitatu moto unawaka, ukiondoa kimoja unazimika. Nilipita chumba kwa chumba nikiuliza, hapa upande gani wa pembetatu unavunjika kwa urahisi, na mtungi uliopo unavunja upi?

Jikoni ndiko nilikokaa sana, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuonywa. Karai la mafuta liliwaka, mpishi akazima jiko na kupuliza poda. Mwali ukafa. Watu walipoanza kupumua, mafuta yakawaka tena yenyewe. Akapuliza tena, yakawaka tena. Yalikoma alipolifunika karai kwa mfuniko wa chuma na kuliacha hivyo hadi likapoa kabisa.

Poda haikuwa mbovu. Mafuta ya kupikia yakipanda kupita nyuzi 340 hivi za Selsiasi hayangoji kiberiti, hujiwasha yakigusana na hewa. Poda hukata mwali lakini haipozi mafuta, na wingu lake likishatua, joto lipo, mafuta yapo na hewa imerudi. Maji ndiyo hatari kubwa zaidi. Ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama, hugeuka mvuke ghafla na kutanuka kiasi cha mara 1,700, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi darini.

Nikaomba mtungi wa kemikali ya maji, wenye alama ya F. Ndani yake mna chumvi za potasiamu zilizoyeyushwa katika maji. Zikigusa mafuta ya moto hufanya sabuni, na povu lake hutanda juu na kuzuia hewa, huku maji yakitoka kama manyunyu laini na kupoza. Hapo pande mbili za pembetatu zinavunjwa pamoja. Nilimfundisha mpishi asimame kama mita moja au zaidi, anyunyize taratibu kwa kuzungusha, asiachie mpaka mtungi uishe, hata kama mwali umeshapotea. Akiacha mapema, povu halijafunga vizuri na mafuta bado ni ya moto.

Chumba cha umeme na kompyuta nilikipa kaboni dayoksaidi. Haipitishi umeme, wala haiachi vumbi la kuharibu vifaa. Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni kuzima swichi kuu, maana umeme ukibaki ndio unaoendelea kuleta joto. Gesi hiyo hufukuza oksijeni ya moto, na ya mtu vilevile, kwa hiyo katika chumba kidogo mtu hupulizia akiwa mlangoni kisha hutoka na kufunga. Koni yake haishikwi kwa mkono mtupu, kwani inapopuliza hupata baridi ya kuunguza ngozi.

Stoo ya majalada ilinipa ubishi. Mwenzangu mmoja alitaka nako tuweke gesi, ili karatasi zisilowe. Nikamweleza kwamba bunda la karatasi huungulia ndani. Gesi huzima mwali wa juu, kisha hupeperuka na kuyaacha makaa yenye joto, na pumzi yake yenye nguvu inaweza kuzitawanya karatasi zinazowaka. Hapo upande wa kuvunja ni joto, na kinachopoza ni maji. Tukaweka mtungi wa lita 9 karibu na mlango, na swichi ya umeme wa chumba chote ikawekwa nje, izimwe kabla ya mtu kufungua maji.

Poda zilizobaki nilizihamishia stoo ya rangi na maeneo ya nje, zinakofaa. Katika ukaguzi wa kila mwezi naangalia sindano ya geji iwe kwenye kijani, pini na lakiri viwe mahali pake. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna geji, huo hupimwa kwa mizani. Uzito wa gesi ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya ulioandikwa, unarudishwa kujazwa.