Gauni la samaki kwa kitenge

Yule dada aliingia kibandani kwangu Magomeni amekumbatia mfuko wa kitenge kama anayeogopa kuporwa. Kabla hajakaa akasema, "Fundi, naomba usiniharibie." Sendofu ya mdogo wake ilikuwa wiki mbili mbele, na gauni alilotaka lilikuwa kwenye simu: la samaki, limebana hadi magotini.

Nikakuza picha. Kitambaa kile kilikuwa cha kuvutika. Nikashika kitenge chake kwa mikono miwili nikakivuta, kikakataa. Hapo ndipo mishono mingi ya samaki inapoharibikia: fundi anapima mteja amesimama, anakata kipimo kilekile, mteja akikaa mshono wa nyuma unafumuka. Nikampima nyonga amesimama, inchi 42. Nikamkalisha kwenye kigoda, 44.

"Kwa hiyo nitaonekana mnene?"

"Hapana, dada. Nitakata 45, kiuno nikibane. Jicho linaangalia kiuno."

Hakuridhika. Nikamzungushia tepu magotini, miguu yote miwili pamoja, nikamwambia apige hatua moja. Ikabidi niiachie tepu inchi nane. "Na kwaito utacheza?" Akacheka kwa mara ya kwanza. Tukakubaliana kibano kiishie shubiri moja juu ya goti, chini yake gauni lifunguke.

Tukatandaza kitenge mezani, yadi 6, upana inchi 45. Kilikuwa na ndege wakubwa, wote wanatazama juu. Kwa ua lisilo na juu wala chini ningegeuza vipande vya sketi kichwa kwa miguu ili kubana matumizi, lakini hapa nusu ya ndege wangening'inia kichwa chini. Vipande sita, kila kimoja inchi 20 kwenye pindo, viwili viwili kwa upana; kila safu urefu wa inchi 44. Safu tatu zinakula inchi 132 kati ya 216. Iliyobaki inatosha kifua na mikono mifupi, ila si ile mikono ya puto ya kwenye picha. Alipoona chaki imefika ukingoni mwenyewe, mikono ya puto akaiacha bila ubishi. Nadhani angebishana kama ningemwambia kwa mdomo tu.

Bado alikuwa anakunja kunja pembe ya kitambaa. Nikamwambia nitashona kwanza sehemu ya kifua hadi nyonga kwa marekani, ajaribu, ndipo mkasi uguse kitenge. Ubavuni ningeacha inchi nzima kila upande, maana mshono uliobakiwa na robo inchi hauna pa kupanulia.

Akatoa nusu ya fedha. Kitenge nikakiloweka jioni ileile, kwani cha pamba kinaweza kurudi kikiguswa na maji. Siku ya kujaribu aje na sidiria na viatu atakavyovaa. Pindo singelikata kabla ya kuviona.